Nyota na Ritifaa: Matini ya Mazungumzo ya Simu Inapohamishiwa Kwenye Ukurasa

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha aliyeko Eldoret leo hii hukusanya sehemu kubwa ya data yake bila ya kuondoka mezani pake. Huunda kundi la mazungumzo katika WhatsApp, huwaalika watoa habari wake, huwauliza maswali, kisha hunakili majibu yao na kuyabandika katika programu ya kuandikia au katika baruapepe ya kumpelekea msimamizi wake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na wale wa Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013, hawana haja ya kufundishwa njia hii. Wameizoea tangu shuleni.

Lakini matini ikitoka katika mazungumzo haiji peke yake. Huja na alama ambazo katika simu zilikuwa na kazi moja, na katika ukurasa wa kitaaluma zina kazi nyingine kabisa. Kwa mtu anayenakili tangazo la harusi, alama hizo ni uchafu tu wa kufutwa. Kwa mwanaisimu jambo ni zito zaidi, kwa sababu baadhi ya alama hizo ni miongoni mwa zana za taaluma yake, na nyingine ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili chenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kueleza alama mbili tu, yaani nyota na ritifaa: jinsi zinavyoharibu data, jinsi ya kuyatambua madhara yake, na jinsi ya kuyaondoa bila ya kuzusha mengine.

2. Nyota yenye kazi tatu

Tuanze na nyota. Katika isimu ya kihistoria nyota huwekwa mbele ya umbo ambalo halikushuhudiwa katika maandishi wala katika usemi, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha. Malcolm Guthrie aliitumia hivyo katika kazi yake kubwa juu ya lugha za Kibantu, Comparative Bantu, iliyochapishwa kati ya mwaka 1967 na 1971. Kwa desturi hiyo tunaandika `*-gombe` kuwa ndilo shina lililozaa neno letu ng'ombe pamoja na jamaa zake katika lugha nyingine za Kibantu. Katika sarufi ya lugha ya leo, nyota iyo hiyo ikiwekwa mwanzoni mwa tungo humaanisha kwamba wasemaji wanaikataa tungo hiyo. Kazi hizi mbili hazigongani, kwa kuwa msomaji hujua kutokana na muktadha ni ipi inayokusudiwa.

Kazi ya tatu ilikuja na maandishi ya kompyuta. Watu walioandikiana kwa mashine zisizokuwa na herufi nzito wala herufi za mlazo walizoea kulizungushia neno nyota mbili ili kulitilia mkazo, na kulizungushia vistari vya chini ili kuonyesha mlazo. Mwaka 2016 WhatsApp iliifanya desturi hii kuwa kanuni: ukiandika maneno baina ya nyota mbili, programu huzificha nyota na kumwonyesha msomaji maneno hayo kwa herufi nzito. Hapa nyota si sehemu ya matini tena, bali ni agizo kwa mashine. Inafanana na ule mstari ambao mwandishi wa zamani aliupiga chini ya neno kwa taipureta, si kwa ajili ya msomaji, bali kumwambia mpiga chapa kwamba neno hilo lichapwe kwa mlazo.

Tofauti ni kwamba mpiga chapa alilielewa agizo na kulitekeleza. Programu ya kuandikia hailielewi. Ujumbe unaponakiliwa kutoka katika simu, kinachochukuliwa ni matini ghafi pamoja na maagizo yake, na inapobandikwa nyota hujitokeza waziwazi. Agizo limegeuka kuwa herufi, na msomaji asiyejua lilikotoka atalisoma kwa kanuni za ukurasa alio nao mbele yake.

3. Mfano: ng'ombe aliyeingia shambani

Ili tuone madhara yake, tuchukue mfano wa swali ambalo mtafiti yeyote wa Kiswahili cha bara angeweza kuliuliza. Kwa mujibu wa sarufi sanifu, jina la mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza na ya pili: ng'ombe ameingia, ng'ombe wameingia. Lakini katika sehemu za bara za Kenya wasemaji husikika mara nyingi wakisema ng'ombe imeingia, kwa upatanisho wa ngeli ya tisa. Tuseme mwanafunzi analipelekea kundi lake tungo hizi, na kuwaomba watoa habari wamwambie ni ipi wanayoisema nyumbani. Majibu mawili, yakinakiliwa, yangeweza kuonekana hivi:

```
[10:42, 14/3/2025] Mtoa habari 2: *Ng'ombe imeingia shambani*, ndivyo tunavyosema
[10:45, 14/3/2025] Mtoa habari 5: *Ng’ombe imeingia shambani hatusemi
```

Katika simu majibu haya hayafanani hata kidogo. Mtoa habari wa pili ameizungushia tungo nyota mbili, kwa hiyo inaonekana kwa herufi nzito, bila ya nyota, nayo maana yake ni kwamba anaikubali na anaisisitiza. Mtoa habari wa tano, ambaye labda ni mwanafunzi wa isimu, ameweka nyota moja tu kwa maana ya kitaaluma, na kwa kuwa haina mwenzake, imebaki ikionekana. Yeye anaikataa tungo hiyo.

Baada ya kunakili, tungo zote mbili zinaanza na nyota. Mwanafunzi anapozipanga katika orodha yake, anaondoa maelezo ya pembeni ili abaki na tungo peke yake. Nyota ya mwisho huonekana kama uchafu na hufutwa. Nyota ya mwanzo huonekana kama alama ya isimu na huachwa. Matokeo yake ni kwamba tungo aliyoikubali mtoa habari wa pili inaingia katika tasnifu ikiwa imepigwa muhuri wa kukataliwa. Data imepinduliwa, na hakuna kitu ukurasani kinachomwonyesha msimamizi kwamba imepinduliwa. Kosa la namna hii ni baya kuliko neno lililoharibika tahajia, kwa sababu halionekani kuwa ni kosa.

Njia ya kupambanua ni rahisi, mradi mazungumzo ya asili bado yapo: ifunguliwe simu, na ujumbe utazamwe ulivyo huko. Nyota inayoonekana katika mazungumzo ni ya mwandishi. Nyota isiyoonekana huko, lakini ikajitokeza baada ya kubandika, ni agizo. Kanuni hii ina hali mbili za kuangaliwa. Kwanza, agizo hushindwa iwapo mwandishi ameacha nafasi baina ya nyota na neno lililomo ndani yake, kama vile kabla ya nyota ya kufungia. Hapo nyota zote mbili hubaki zikionekana hata kama alikusudia mkazo. Pili, tangu mwaka 2024 nyota iliyoko mwanzoni mwa mstari na kufuatwa na nafasi hugeuzwa kuwa kitone cha orodha. Kwa hiyo mwanaisimu aliyeandika nyota, akaacha nafasi, kisha akaandika tungo, atakuta katika simu kwamba nyota yake ya kukataa imegeuka kitone kisicho na maana yoyote.

4. Kuondoa nyota bila ya kupoteza data

Watu wengi hudhani kwamba kubandika kwa kutumia amri ya `Keep Text Only` kunatosha. Amri hiyo huondoa rangi, ukubwa na aina ya herufi, lakini nyota ni matini, na matini ndiyo inayobakizwa. Wengine hutumia `Find and Replace` kufuta nyota zote kwa mkupuo mmoja. Hilo linaondoa maagizo, lakini linaondoa pia nyota zote za kitaaluma, na tungo zilizokataliwa zinasimama sawa na zilizokubaliwa. Tena, mtu akifanya hivyo huku kisanduku cha `Use wildcards` kikiwa kimetiwa alama, nyota haisomwi kuwa nyota bali huwa na maana ya herufi zozote zile, na matini yenyewe ndiyo inayoweza kufutwa.

Utaratibu ulio salama una hatua nne, nao unafuata wazo moja: nyota za kitaaluma zifichwe kwanza, maagizo yatekelezwe, kisha nyota zirudishwe. Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala ya asili katika faili la peke yake lisiloguswa. Hatua ya pili ni kuzipitia nyota moja moja, `Use wildcards` ikiwa haikutiwa alama, na kila nyota ambayo simu inathibitisha kuwa ni ya kitaaluma kuibadilisha kuwa alama isiyotumika kwingineko katika matini, kwa mfano `##`. Kazi hii hufanywa kwa mkono, kwa sababu hakuna mashine inayojua nia ya mtoa habari.

Hatua ya tatu ni kuyatekeleza maagizo yaliyobaki. Katika Word, baada ya kutia alama `Use wildcards`, andika mistari hii katika visanduku viwili, na katika kisanduku cha pili ongeza agizo la herufi nzito kwa `Ctrl+B`:

```
Find what:     \*([!\*^13]@)\*
Replace with:  \1
```

Maana yake ni hii: tafuta nyota, kisha herufi moja au zaidi ambazo si nyota wala mwisho wa aya, kisha nyota nyingine, ondoa nyota mbili na uyaache maneno ya ndani. Kizuizi cha mwisho wa aya ni muhimu, kwani bila ya hicho nyota iliyoachwa peke yake katika aya moja ingeoanishwa na nyota ya aya nyingine. Hapa ndipo inapoonekana pia sababu ya kuitanguliza hatua ya pili. Aya moja ikiwa na tungo mbili zilizokataliwa, kila moja na nyota yake, agizo hili lingezichukua nyota hizo kuwa ni jozi na kuzifuta.

Hatua ya nne ni kuondoa alama ya `Use wildcards` pamoja na agizo la herufi nzito, kisha kutafuta kama ipo nyota yoyote iliyobaki, na kuiamulia. Mwisho ni kugeuza kila `##` kuwa nyota. Baada ya hapo nyota zote zilizomo katika faili zina maana moja tu.

Hata hivyo, tiba bora ni ile inayotangulia ugonjwa. Mtafiti akubaliane na watoa habari wake tangu mwanzo kwamba hukumu juu ya tungo itaandikwa kwa neno, si kwa alama. Kila tungo ipewe nambari, na jibu liwe ni nambari hiyo pamoja na neno ndiyo, hapana au labda. Nyota iongezwe na mtafiti mwenyewe wakati wa kuandika tasnifu. Neno hapana halibadiliki maana likihamishwa kutoka simu hadi ukurasani.

5. Ritifaa ambayo ni nusu ya herufi

Alama ya pili ni ritifaa. Katika tahajia ya Kiswahili ritifaa ya ng' si alama ya uakifishaji, bali ni sehemu ya herufi. Inatenga sauti ya king'ong'o ya neno ng'ombe na sauti ya neno ngoma. Jozi ya ng'oa na ngoa inatosha kuwa ushahidi: la kwanza ni kitenzi cha kutoa kitu ardhini pamoja na mizizi yake, na la pili ni jina lenye maana ya tamaa au wivu. Waganda walilitatua tatizo hili kwa kutumia herufi moja, ŋ, katika tahajia yao. Sisi tulibaki na ritifaa, ambayo ilikuwapo tayari katika kila taipureta.

Katika taipureta ritifaa ilikuwa kitufe kimoja na alama moja. Katika Yunikodi, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila alama msimbo wake, zipo alama kadhaa ambazo jicho huziona kuwa ni ritifaa, na mashine huziona kuwa ni vitu tofauti. Zinazotuhusu ni hizi:

```
ng'ombe    U+0027   ritifaa iliyonyooka
ng’ombe    U+2019   ritifaa iliyopinda
ng`ombe    U+0060   alama ya kitufe kilicho chini ya Esc
```

Katika kundi moja la mazungumzo zote tatu huweza kukutana. Simu nyingi za Android huandika ritifaa iliyonyooka. Simu za iPhone, tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, zina mpangilio unaoigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda wakati wa kuandika. Ya tatu hutoka kwa mtu anayeandika kwa kibodi ya kompyuta na kubonyeza kitufe kisicho chake. Msomaji akirejea majibu mawili ya sehemu ya tatu ataona kwamba mtoa habari wa pili na wa tano hawakutumia ritifaa moja.

Nayo programu ya kuandikia huongeza mchanganyiko. Word huipinda ritifaa inayoandikwa ndani yake, lakini haiigusi ile iliyobandikwa. Hivyo katika tasnifu moja, ng'ombe wa watoa habari wana ritifaa zao, na ng'ombe wa mwandishi wana yao. Mtu anayeitafuta hitilafu hii ndani ya Word haioni, kwa sababu utafutaji wake wa kawaida huzihesabu ritifaa iliyonyooka na iliyopinda kuwa ni kitu kimoja. Hitilafu hudhihirika pale matini inapopelekwa katika programu ya kuhesabu maneno au ya kutengeneza konkodansi, ambayo hulinganisha alama kwa misimbo yake.

Tuseme faili lina neno ng'ombe mara 12: mara 7 kwa ritifaa iliyonyooka, mara 4 kwa iliyopinda, na mara 1 kwa alama ya tatu. Anayetafuta kwa ritifaa iliyonyooka atapata 7, na ataandika katika jedwali lake kwamba neno limetokea mara 7. Programu inayokata neno kila inapokutana na kitu kisicho herufi haitapata ng'ombe hata mmoja. Itamletea mtafiti neno "ng" mara 12 na neno "ombe" mara 12. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kutazamwa katika orodha yoyote ya maneno ya Kiswahili ni hiyo: "ng" ikionekana juu ya orodha kama neno linalojitegemea, ritifaa zote zimesomwa kuwa ni mipaka ya maneno, na hesabu zote za maneno yenye ng' ni batili.

Hapa Eldoret jambo hili linagusa hata majina ya watu. Majina ya Kikalenjin kama Kipng'etich na Chepng'eno huandikwa na wengine kwa ritifaa na wengine bila ya ritifaa. Ikiongezwa tofauti ya misimbo, jina moja huwa na maumbo matatu au manne. Mwalimu anayenakili orodha ya wanafunzi kutoka katika kundi la darasa na kuilinganisha kwa kompyuta na orodha ya matokeo ataambiwa kwamba mwanafunzi huyo hayupo, ilhali jina lake linaonekana mbele ya macho yake katika orodha zote mbili.

6. Kuitambua na kuisawazisha ritifaa

Katika Word ya Windows kuna njia ya kuiuliza alama jina lake. Weka kishale mara tu baada ya ritifaa, kisha bonyeza `Alt+X`. Alama itageuka kuwa msimbo wake, kwa mfano 2019 au 0027. Ukibonyeza tena itarudi ilivyokuwa. Njia hiyo hiyo hufichua alama zisizoonekana kabisa, kama vile 200E, ambayo ni alama ya mwelekeo wa maandishi, na 202F, ambayo ni nafasi nyembamba. Hizi huja mara nyingine karibu na saa au karibu na kichwa cha ujumbe, na huweza kulifanya neno lisipatikane ingawa limeandikwa sawasawa.

Kusawazisha ni kuchagua ritifaa moja na kuifuata. Ushauri wetu ni kwamba faili la data litumie iliyonyooka, kwa kuwa iko katika kila kibodi na mtafiti ataweza kuitafuta bila ya taabu. Iliyopinda iachiwe nakala ya mwisho ya kuchapwa. Kabla ya kubadilisha, zima katika mipangilio ya `AutoFormat As You Type` kile kipengele cha kugeuza `Straight quotes` kuwa `smart quotes`. Usipofanya hivyo, Word itaipinda hata ile ritifaa unayoiingiza kwa `Replace`. Kisha usitafute ritifaa peke yake, maana utazikuta na alama za kunukulia zilizopindwa kwa umbo hilo hilo. Itafute pamoja na herufi zake, yaani `ng’` igeuzwe kuwa `ng'`, na vivyo hivyo kwa `Ng’` na `NG’`, huku `Match case` ikiwa imetiwa alama. Rudia kwa alama ya tatu. Kwa njia hii alama za nukuu zitabaki salama, na kila kinachoguswa kitakuwa ni herufi ya Kiswahili.

Kuna kosa jingine ambalo hutokea matini inapopitia katika baruapepe au katika jedwali, nalo linajulikana kwa sura yake:

```
ng’ombe
```

Chanzo chake si mwandishi wala simu. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa katika mfumo wa UTF-8 kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu ya upande wa pili ikidhani kwamba inasoma mfumo wa zamani wa Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja, itazisoma baiti hizo kuwa herufi tatu: â, € na ™. Aghalabu hutokea faili la matini linapofunguliwa katika Excel kwa kubofywa mara mbili tu. Matini bado ni nzima. Kilichokosewa ni namna ya kuisoma. Kwa hiyo faili lifungwe bila ya kuhifadhiwa, kisha liingizwe upya kwa kuchagua UTF-8 mahali programu inapouliza. Ritifaa iliyonyooka haina ugonjwa huu, kwa kuwa msimbo wake ni baiti moja iliyo sawa katika mifumo yote miwili, na hii ni sababu nyingine ya kuipendelea katika data.

7. Kichwa cha ujumbe

Kabla ya kumaliza, hatuna budi kukitaja kitu kimoja kinachobebwa pamoja na alama hizi. Jumbe kadhaa zikinakiliwa kwa pamoja, kila mmoja huja na kichwa chake katika mabano ya mraba, chenye saa, tarehe na jina la aliyeuandika. Ikiwa mtu huyo hakuhifadhiwa katika simu ya mtafiti, mahali pa jina huonekana nambari yake ya simu. Katika mfano wetu tuliandika Mtoa habari 2, lakini data halisi haiji hivyo. Mtafiti akiibandika katika baruapepe na kuipeleka, amewatoa hadharani watu aliowaahidi kuwa majina yao yatafichwa. Na tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya mwaka 2019, hilo si suala la adabu ya utafiti peke yake.

Vichwa hivyo visifutwe ovyo, kwani tarehe na mtoa habari ni sehemu ya ushahidi. Kila jina au nambari ya simu ibadilishwe kuwa nambari ya mtoa habari, na orodha ya kuoanisha majina na nambari hizo iwekwe mahali pengine. Kazi hii ifanywe kabla ya kusafisha nyota na ritifaa, ili kila nakala itakayotokea baadaye iwe tayari haina majina. Hata nakala ya asili tuliyoshauri ihifadhiwe inapaswa kukaa katika kompyuta ya mtafiti mwenyewe, isipelekwe kwa baruapepe.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba nyota na ritifaa zinaharibu matini kwa njia mbili zilizo kinyume. Nyota huharibu kwa kuwa alama moja yenye maana nyingi: agizo la mkazo linasomwa kuwa hukumu ya kukataa. Ritifaa huharibu kwa kuwa maana moja yenye alama nyingi: herufi moja ya Kiswahili inahesabiwa kuwa tatu. Kwa hiyo tiba zake nazo hazifanani. Nyota hutaka kutenganishwa, na kazi hiyo humhitaji mtu anayejua mtoa habari alikusudia nini. Ritifaa hutaka kuunganishwa, na hiyo yaweza kuachiwa mashine, mradi imeonyeshwa herufi zinazoizunguka. Anayezisafisha zote mbili kwa amri moja ya kufuta atapata ukurasa safi, lakini ng'ombe wake wengine watakuwa wamepotea, na wengine watakuwa wamehukumiwa bila ya kosa.